Kwa nini "I was stolen my phone" haieleweki: kutendwa, kutendewa na kutendeka

Ukiajiriwa mahali ambapo taarifa zinaandikwa kwa Kiingereza, siku si nyingi utaambiwa uandike kitu kama hiki:

"Jumanne usiku tulivunjiwa ofisi. Tuliibiwa kompyuta mbili. Kioo cha dirisha kilivunjika. Mkutano wa Jumatano umeahirishwa."

Sentensi ni nne, lakini kauli ni tatu: kutendewa mara mbili, kisha kutendeka, kisha kutendwa. Wengi huzitia zote kwenye chungu kimoja cha "was" na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Tuanze na ya mwisho, maana ndiyo rahisi. Katika "umeahirishwa", wakati umebebwa na -me- na kutendwa kumebebwa na -w-, yote ndani ya neno moja. Kiingereza hugawa kazi hizo. Wakati hukaa kwenye "be", na kitenzi chenyewe huingia katika umbo lake la tatu: "Wednesday's meeting has been postponed." Ingekuwa "uliahirishwa", ungeandika "was postponed"; "utaahirishwa" ni "will be postponed". "Postponed" haiguswi. Kosa la kawaida ni kuidondosha "be" na kuandika "The meeting postponed", kana kwamba mkutano wenyewe umeahirisha kitu. Vichwa vya habari vya magazeti huidondosha kwa kubana nafasi, kwa hiyo usijifunzie huko.

Sasa "tuliibiwa kompyuta mbili". Kiswahili kina ufundi hapa: -i- humwingiza aliyepatwa na jambo ndani ya kitenzi, halafu -w- humpeleka mbele ya sentensi. Kitenzi "steal" hakina nafasi hiyo. Kinachoweza kutangulizwa ni kitu kilichochukuliwa tu. Ukiandika "We were stolen two computers", msomaji anaanza kwa kuelewa kwamba walioibwa ni ninyi wenyewe. Andika "Two computers were stolen." Ukitaka "sisi" ibaki mbele, tumia "had": "We had two computers stolen."

Mbona basi "I was given a key" ni sahihi, sawasawa na "nilipewa ufunguo"? Kwa sababu "give" hukubali mtu na kitu vifuatane: "They gave me a key." Ndivyo zilivyo pia "send", "show", "tell", "teach", "pay" na "offer". Kabla ya kumtanguliza mtu, geuza sentensi iwe ya kutenda uione. "They explained me the rules" haikubaliki, inahitaji "to me". Kwa hiyo "nilielezwa kanuni" haiwezi kuwa "I was explained the rules". Ni "The rules were explained to me."

"Tulivunjiwa ofisi" nayo ina mtego wake. "Our office was broken" ingemaanisha jengo limevunjika. Sahihi ni "Our office was broken into." Hiyo "into" inaning'inia mwishoni na watu huona aibu kuiacha pale, lakini lazima ibaki. Ni hivyohivyo kwa "nilichekwa", "I was laughed at", na "kitanda hiki kimelaliwa", "This bed has been slept in."

Imebaki "kilivunjika". Kipimo cha kutendeka ni kuongeza "na wezi". "Kilivunjwa na wezi" inakaa sawa. "Kilivunjika na wezi" inakwaruza sikio, kwa sababu -ik- humfuta mtenda kabisa. Kwa Kiingereza hiyo ni "The window broke", bila "was". Lakini fikiria nani atasoma. Mtu wa bima akikuta "broke" anaweza kudhani kioo kilipasuka chenyewe, na "was broken" peke yake yaweza kusomeka kwamba kilikuwa kibovu tangu zamani. Mtaje mtenda: "The window was broken by the thieves." Chombo walichotumia hakichukui "by". Nyundo ni "with a hammer", kama vile sisi tunavyosema kwa nyundo.

Vitenzi visivyo na mtendwa, kama "happen", "die", "arrive" na "disappear", havigeuzwi kabisa. "Ajali ilitokea" ni "An accident happened". "Was happened" haipo, hata kama sikio la Kiswahili linaitamani.

Na -ik- ina sura ya pili, ya kuwezekana. "Namba za kompyuta hazisomeki" si "The numbers are not read". Hiyo ni hazisomwi, yaani hakuna anayezisoma. Andika "The numbers cannot be read."