Mtoto njiti na chati ya urefu: hesabu tangu siku aliyotazamiwa

*«Mtoto wangu alizaliwa na wiki 32, sasa amefikisha miezi 5. Infirmiye amempima urefu akasema ni mfupi kupita kiasi, yuko chini ya mistari yote. Jirani ananiambia kwa prematire wanatoa miezi miwili kwanza. Ni kweli? Na nitaendelea kutoa mpaka lini?»*

Dada, jirani yako amesema kweli. Nimepita njia hiyo hiyo hapa Bukavu na binti yangu aliyezaliwa na wiki 31, kwa hiyo nitakueleza kwa namba zake, ndipo utaona kwa nini miezi hiyo miwili inabadilisha kila kitu.

Binti yangu alitazamiwa tarehe 14 Novemba. Ekografi ya mwezi wa tatu wa mimba ndiyo ilitoa tarehe hiyo. Alikuja tarehe 12 Septemba, wiki 9 kabla. Alikaa kwenye kuvezi, halafu nikambeba kwa kangaruu, kifua kwa kifua, mpaka uzito ukatosha tukarudi nyumbani. Tarehe 14 Machi nikapanda naye kituo cha afya siku ya kupima watoto. Wakamlaza kwenye ubao, wakapata sentimita 58.7. Infirmiye akahesabu tangu Septemba, akapata miezi 6, akaweka nukta kwenye karatasi. Nukta ikaangukia chini ya mstari mweusi. Kwenye chati za Shirika la Afya Duniani, zile zilizotoka mwaka 2006, mstari wa kijani ni mtoto wa katikati, mwekundu wa chini unaanza kuonyesha udumavu, na mweusi wa chini ni udumavu mkali. Kwa msichana wa miezi 6 mweusi uko kwenye 58.9. Wangu alikuwa na 58.7.

Nililia njia nzima kushuka Kadutu. Walikuwa wameniambia maziwa yangu hayatoshi, nianze uji wa masoso siku hiyo hiyo. Nikaanza, mtoto akaharisha siku nne.

Daktari aliyemtunza kwenye kuvezi ndiye aliyenikalisha chini na ile karatasi. Aliuliza swali moja tu: «Mama, huyu alitazamiwa lini?» Nikasema 14 Novemba. Akaweka kidole kwenye Novemba akahesabu: Desemba, Januari, Februari, Machi. Miezi 4 kamili. Akachora nukta mpya, urefu ule ule wa 58.7, lakini kwenye mstari wa miezi 4. Kwa msichana wa miezi 4 mwekundu uko kwenye 57.8 na kijani kwenye 62.1. Nukta ikakaa juu ya mwekundu. Mfupi kidogo, ndiyo, lakini hakuwa mtoto aliyedumaa. Na uji tukauacha mpaka wakati wake.

Sababu yake ni nyepesi ukiiona. Chati ile inaanza kwenye sifuri na mtoto wa sentimita 49 hivi, yaani aliyemaliza mimba yake. Wangu alizaliwa na sentimita 40, urefu wa kawaida kabisa kwa wiki 31, kwa sababu wiki zile 9 alizokosa ndizo angerefuka tumboni. Ukimweka kwenye sifuri siku ya kuzaliwa, anaangukia nje ya karatasi kabla hajanyonya hata mara moja. Kwa hiyo sifuri yake ni siku aliyotazamiwa. Kabla ya siku hiyo chati ya kituo haimhusu. Hospitali zinazotunza njiti zina chati zake zinazohesabu kwa wiki za mimba, kama ile ya Fenton.

Vitabuni utakuta wameandika hivi: wiki 40 toa wiki za mimba alizozaliwa nazo, kisha jibu hilo ulitoe kwenye umri wa kalenda. Kwako ni 40 toa 32, wiki 8. Ni hesabu ile ile, lakini mimi napenda njia ya tarehe kwa sababu ile ya wiki ina mitego. Kuna wanaotoa kwenye 37, kwa kuwa mtoto wa wiki 37 hahesabiwi tena njiti. Hapo unapoteza wiki 3. Kuna wanaogawa wiki kwa 4 wapate miezi, wakati mwezi una wiki 4 na siku mbili tatu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja kosa hilo linafika karibu mwezi mzima. Ukiwa na tarehe mbili juu ya fishi, ya kuzaliwa na ya kutazamiwa, unahesabu vidole tu.

Tarehe yenyewe lazima iwe ya kuaminika, na hapa wengi wetu tunakwama. Ekografi ya miezi mitatu ya kwanza inakosea siku chache tu. Ile ya miezi ya mwisho inaweza kukosea hata wiki tatu, maana wakati huo wanakisia umri kwa ukubwa wa mtoto, na mtoto mdogo anaonekana kama mimba changa. Kama huna ekografi ya mapema lakini unakumbuka siku ya kwanza ya damu yako ya mwisho, na mzunguko wako hauyumbi, ongeza siku 280. Hiyo ni bora kuliko ekografi ya mwezi wa nane.

Sasa kuna jambo ambalo naona watu hawaambiwi, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Wengi wanafikiri kutorekebisha umri kunaleta hofu ya bure tu. Kumbe kunaweza pia kuficha hatari. Mtoto anarefuka haraka sana mwanzoni, halafu mwendo unapungua. Kwa hiyo ile miezi miwili ina uzito mkubwa akiwa na miezi 6 na uzito mdogo zaidi akiwa na mwaka. Nukta isiyorekebishwa inapanda yenyewe kuelekea mistari ya kawaida, hata kama mtoto hajasogea popote.

Chukua mtoto kama wangu, 58.7 akiwa na miezi 6 ya kalenda. Tuseme alipofika mwaka alipimwa sentimita 66.0. Ukihesabu kwa kalenda, mweusi wa miezi 12 uko kwenye 66.3, kwa hiyo yuko chini yake kidogo, pale pale alipokuwa zamani. Mama anaambiwa ni prematire, yeye ndivyo alivyo, habadiliki. Lakini rekebisha: ana miezi 10, na mwekundu wa miezi 10 ni 66.5. Miezi sita nyuma alikuwa juu ya mwekundu, sasa yuko chini yake. Mtoto huyu ameshuka, kuna kitu kinamzuia, na karatasi isiyorekebishwa imesema hakuna jipya. Binti yangu kwa kweli alipata 68.8 siku hiyo, karibu katikati ya mwekundu na kijani kwa miezi 10, yaani amepanda. Kwa kalenda angali angeitwa amedumaa, kwa sababu mwekundu wa miezi 12 ni 68.9.

Ndiyo maana nukta moja haitoshi. Peleka mtoto kila mwezi, weka nukta zote kwa umri ule ule uliorekebishwa, usichanganye. Fishi yetu ilikuwa na nukta za infirmiye mmoja aliyerekebisha na mwingine asiyerekebisha, mstari ukawa unapanda na kushuka kama barabara ya Bagira, na hakuna aliyeweza kuusoma. Nilichofanya ni kuandika kwa bic nyekundu juu ya fishi: «Alitazamiwa 14/11. Hesabu kutoka hapo.» Tangu siku hiyo hakuna aliyekosea.

Angalia pia wanavyompima. Ubao, si utepe wa fundi cherehani. Watu wawili: mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, macho yakitazama juu, mwingine ananyoosha magoti na kusukuma kibao mpaka kiguse nyayo zilizosimama wima. Mtoto akikunja goti moja, sentimita nzima inapotea. Vua kofia na soksi, na kama nywele zimesukwa mafundo, fungua. Ukiona urefu wa mwezi huu ni mdogo kuliko wa mwezi uliopita, omba warudie, mtoto hafupiki.

Kuhusu mpaka lini: kwa aliyezaliwa na wiki 32, wengi wanarekebisha mpaka miaka 2, ingawa wapo wanaosimama kwenye mwaka mmoja kwa waliozaliwa na wiki 32 hadi 36. Kwa waliozaliwa kabla ya wiki 28, wengine wanafika miaka 3. Uliza daktari wako anafuata upi, kisha mshike huo huo. Lakini ujue siku ya kuacha nukta itashuka. Wangu kwenye miaka 2 alikuwa na 82.9 amelala. Kwa miezi 22 iliyorekebishwa alikuwa karibu na kijani. Kwa miezi 24 akaangukia katikati ya kijani na mwekundu. Na miaka 2 ndiyo wakati wanaanza kumpima amesimama, ambapo urefu unapungua kwa sentimita 0.7 hivi, na chati ya kusimama imeshalizingatia hilo. Akisimamishwa kisha akawekwa kwenye chati ya kulala, anashushwa mara mbili siku moja. Mwombe anayepima aweke nukta mbili siku hiyo, ya zamani na mpya, aandike pembeni kwamba hapa ndipo kurekebisha kuliishia.

Mambo mawili hayarekebishwi. Chanjo zinafuata kalenda tangu alipozaliwa, usingoje miezi miwili. Na ile chati ya uzito kwa urefu haina umri ndani yake, kwa hiyo haina cha kutoa. Mwombe infirmiye aitazame leo hii. Kama uzito wa mtoto wako unalingana na urefu wake, hajakonda, na hakuna sababu ya kukimbilia uji kama nilivyofanya mimi.

Halafu tafuta uzito na urefu wake wa kuzaliwa. Kama alikuwa mdogo hata kwa wiki 32 zenyewe, labda kwa sababu ya presha yako au kondo, basi aliachwa nyuma tumboni, na kutoa wiki 8 hakulipi deni hilo. Huyo anafuatiliwa na daktari wa watoto. Vivyo hivyo kama baada ya kurekebisha vizuri bado yuko chini ya mwekundu, au mstari wake unaachana na kijani mwezi hadi mwezi. Tuandikie hapa tarehe zake mbili na urefu wa juzi, tuhesabu pamoja.