Maswali na majibu: prufu inaishia wapi, mhariri anaishia wapi, wakili anaingia lini

Nimepewa mkataba wa pango la fremu, kurasa 9, mteja ananiambia "pitia tu makosa". Sasa hiyo ni kazi gani hasa?

Hilo neno "makosa" ndo linaleta shida, maana kwenye mkataba kuna makosa ya aina tatu na kila aina ina mtu wake. Ngoja nitunge kifungu kimoja kinachofanana na vile ninavyokutana navyo kwenye mikataba ya fremu hapa Dar, alafu tukipitishe kwa watu watatu:

"9. Iwapo mpangaji atavunja mkataba huu, atampa Mpangishaji notisi ya siku thelathini (14) na kulipa fidia ya uharibiifu wa mali yake kwa mujibu wa kifungu cha 12."

Wa kwanza ni msoma prufu. Huyu hajali kama kifungu ni kizuri au kibaya, anaangalia kama kilichochapwa kiko sawa na kinapatana na sehemu nyingine za waraka. "Uharibiifu" anafuta i moja, hana haja ya kumuuliza mtu. Anaona "mpangaji" ina herufi ndogo wakati ukurasa wa kwanza umesema "ambaye humu ataitwa Mpangaji", anaiweka kubwa. Anafungua kifungu cha 12, anakuta kinaongelea anwani za kupeleka barua, fidia iko kifungu cha 13. Hapo anasimama, harekebishi, anaandika komenti pembeni, kwa sababu inawezekana namba ndo imekosewa, au kuna kifungu kizima kilifutwa jana usiku na hakuna aliyegundua. Thelathini na 14 vilevile ni komenti.

Wa pili ni mhariri wa lugha. Huyu anauliza, hii sentensi inaeleweka kwa namna moja tu? Haieleweki. "Mali yake" ni mali ya nani, ya Mpangaji au ya Mpangishaji? Kiswahili chetu hakisemi, "yake" inamkaa yeyote. Na "atavunja mkataba" ina maana gani hapo, anakiuka masharti au anaondoka kabla ya muda? Maana mtu anayekiuka masharti hatoi notisi ya kwamba atakiuka. Mhariri anaandika matoleo mawili ya sentensi kwenye komenti na kuuliza lipi lilikusudiwa. Kama maana ingekuwa moja na sentensi ni mbovu tu angeipanga upya mwenyewe, ila hapa maana ziko mbili, na kuchagua sio kazi yake.

Wa tatu ni wakili. Ndo anajibu zile komenti, alafu anauliza maswali ambayo wale wawili hawayagusi kabisa: hizo siku za notisi zinamfaa mteja wetu, kama mpangaji ni kampuni aliyesaini ana mamlaka, ushuru wa stempu utalipwa na nani, maana mkataba usio na stempu ukifika mahakamani haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe.

Kwa hiyo mrudishie mteja swali kwa maandishi, prufu au uhariri? Na umwandikie wazi kwamba mapitio ya kisheria hayamo kwenye bei yako. Usipoandika, siku kifungu kikimuumiza atasema "si ulipitia".

Hiyo "siku thelathini (14)" si inaonekana tu ni kosa la kuchapa? Kwa nini nisirekebishe nimalize kazi?

Urekebishe kuwa ngapi? Hapo ndo utajua kwamba sio kosa la kuchapa. Najua kuna kanuni kwamba maneno na tarakimu vikigongana maneno ndo yanashika, na wengi wanaitumia kama ruhusa ya kufuta 14 wakaweka 30. Ila ile ni kanuni ya jaji anayesoma waraka uliokwisha kusainiwa na hana njia nyingine ya kujua, wewe unayo njia, unamuuliza mteja. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mkataba ulichukuliwa kutoka mkataba wa zamani uliokuwa na siku 30, wakakubaliana 14, mtu akabadilisha tarakimu akasahau neno. Sasa wewe ukifuata kanuni utakuwa umerudisha kitu walichokikataa mezani.

Kipimo changu ni hiki: kama kuna jibu moja tu linalowezekana, rekebisha. Yakiwa mawili, uliza, hata kama moja unaliamini kwa asilimia tisini na tisa.

Na hili linahusu hata saa. Mkataba wa Kiswahili ukisema malipo yafike "kabla ya saa 12:00 ya tarehe 5" msomaji wa Kiswahili anaona jioni au alfajiri, aliyeandika kwa kutafsiri kichwani anaweza kuwa alimaanisha mchana kati. Usiandike "jioni" kwa kubahatisha.

Hata koma. Jimbo la Maine, Marekani, sheria ya ovataimu ilitaja kazi ambazo hazilipwi ovataimu, na mwisho wa orodha ikaandika kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, bila koma kabla ya "au". Madereva wa kampuni ya maziwa wakasema sisi tunasambaza lakini hatufungashi, na sheria hapo inaongelea kufungasha tu. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona maneno yana utata na ikawapa haki madereva, mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Kwa hiyo koma ndani ya orodha ya sheria au mkataba usiiongeze wala kuitoa kwa sababu shuleni ulifundishwa hivyo, iandikie komenti.

Mi ni mwalimu wa Kiswahili, kuna mkataba unarudia maneno yaleyale mpaka unachosha. Mhariri si anaruhusiwa kubadilisha badilisha ili usomeke?

Mwalimu wangu, hapana, na hili naliomba kwa moyo wote. Kwenye insha kurudia neno ni uvivu, kwenye mkataba kurudia ndo usalama. Jaji akikuta kifungu cha 4 kinasema "kodi", cha 8 "malipo" na cha 15 "ada", atauliza kama ni vitu vitatu tofauti, na wakili wa upande wa pili atamwambia ndio ni vitatu. Neno likishapewa tafsiri mwanzoni mwa mkataba halina kisawe tena humo ndani.

Mfano unaoniuma ni "usuluhishi". Miaka ya nyuma nilihariri mkataba uliokuwa umejaa usuluhishi, sehemu mbili nikaweka "upatanishi" ili sentensi ipumue. Wakili akanipigia. Akanieleza kitu ambacho tangu siku hiyo nimekishika: tuna Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, humo usuluhishi ni ule ambao mnamteua mtu anawasikiliza na kutoa tuzo, yaani uamuzi unaowafunga. Lakini tuna pia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, na pale usuluhishi ni hatua ya kwanza ambayo msuluhishi anawasaidia mkubaliane, hawalazimishi, anayeamua ni mwingine kwenye hatua ya uamuzi. Neno ni lilelile, matokeo ni mbali kabisa. Mimi kwa kupamba tu nilikuwa nimeufanya mkataba useme watu watapatana pale uliposema watahukumiwa.

Kwa hiyo mhariri akikuta neno kama hilo halichagui, anauliza mnamaanisha mchakato upi na tafsiri yake iandikwe wapi. Vilevile "anaweza", "atatakiwa" na "atapaswa", usiyachanganye kwa ajili ya utamu, moja linatoa hiari na mengine yanafunga. Kazi yako halali bado ni kubwa: sentensi ya mistari kumi na moja ikatwe, upatanisho wa ngeli ukae sawa, vichwa vya vifungu vifanane. Kama kukata sentensi kunahamisha sharti kutoka kwenye kitu kimoja kwenda kingine, iache kama ilivyo na uandike komenti.

Wakili ameshapitia na kusema iko poa. Prufu ya nini tena?

Kwa sababu wakili ndo mtu wa mwisho kugusa maneno, na mkono wa mwisho ndo unaacha makosa mapya. Akiongeza kifungu kipya cha 6, vyote vya chini vinasogea namba moja, na "kwa mujibu wa kifungu cha 12" iliyokuwa sahihi asubuhi inakuwa ya uongo jioni. Alafu kuna maneno yetu pacha, mpangaji na mpangishaji, mkopaji na mkopeshaji, mdai na mdaiwa. Kompyuta haiwekei mstari mwekundu hata moja kati ya hayo kwa sababu yote ni maneno sahihi, na jicho lililosoma waraka mara nne linasoma linachokitegemea.

Prufu ya mwisho isomwe na mtu mpya, kwenye karatasi, na kila jina pacha liulizwe, anayelipa hapa ni nani? Kabla ya hapo fungua Word, nenda Review, Compare, linganisha toleo alilolipitisha wakili na hilo la kusaini. Ukikuta badiliko lolote zaidi ya yale yaliyokubaliwa, hata neno "si" moja, linarudi kwa wakili.

Nikiona kifungu kinamuonea mteja wangu nikae kimya kwa kuwa mi ni mhariri tu?

Usikae kimya, ila angalia unavyosema. Unaweza kuandika "kifungu cha 10 kinampa Mpangishaji haki ya kupandisha kodi muda wowote, tafadhali muulize wakili". Usiandike kifungu mbadala. Tanzania Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, kifungu cha 43 inamkataza asiye wakili kuandaa kwa malipo hati zinazohusu mali au kesi, na mkataba wa pango unaweza kuwa hati ya namna hiyo. Kenya nao wana katazo kama hilo kwenye kifungu cha 34 cha Sheria yao ya Mawakili. Kuonyesha tatizo bado ni uhariri, kuliandikia dawa na kulipwa kunakupeleka upande mwingine.

Hati ya kiapo imeshaapwa, tumegundua jina la kijiji limekosewa herufi moja. Naweza kufungua faili nikairekebisha?

Usiiguse. Mtu aliapa mbele ya Kamishna wa Viapo kwamba maneno yale, yalivyo, ni ya kweli, ukibadilisha herufi unamwapisha kitu ambacho hakukiapia. Kosa likionekana kabla ya kuapa, rekebisha na uchape upya, au likatwe kwa kalamu na Kamishna aweke ufupisho wa saini yake pembeni. Baada ya hapo inaandaliwa nyingine na anaapa tena, na kama ya kwanza imeshaingia mahakamani, wakili ndo anajua ruhusa inaombwaje. Peleka taarifa kwake leo leo, na andika ukurasa na mstari.