Karatasi ya ukutani na Gazeti la Serikali

"Wamebandika karatasi hapa soko la samaki Bagamoyo, ushuru mpya wa kila tenga. Inatubana?"

Ndugu yangu, tazama kama karatasi imetaja Tangazo la Serikali, namba na mwaka wake. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kinataka kwa kawaida kanuni na sheria ndogo zichapishwe kwenye Gazeti la Serikali. Zinaanza kutumika siku hiyo, au siku nyingine iliyotajwa. Muhuri na saini havitoshi. Mvuvi aliyeko baharini ataijuaje amri iliyofungiwa kabatini? Ila kama karatasi inakumbusha tu ushuru uliokwishachapishwa, huo unadaiwa. Iombe namba hiyo kwa barua, na stakabadhi usitupe hata moja.