Kugawa diski ya laptopu: fikiria siku Windows itakapowekwa upya

Laptopu ambayo Windows imegoma kuwaka ikifika mezani kwa fundi, swali la kwanza ni moja: "Una mafaili muhimu humu?" Jibu ndilo linaloamua kama kazi ni ya saa moja au ya siku nzima. Kama kila kitu kimo ndani ya C:, lazima mafaili yatolewe kwanza yapelekwe kwenye diski ya nje, ndipo Windows mpya iwekwe. Kama mafaili yako D:, kipande cha pili cha diski hiyohiyo, fundi anafomati C: peke yake na maisha yanaendelea. Hiyo ndiyo faida ya kugawa diski, na kusema kweli ni hiyo moja tu.

Tunasema moja tu kwa sababu wauzaji wa laptopu za mtumba huongeza chumvi. Eti iliyogawanywa inakwenda mbio zaidi. Kwenye SSD hakuna tofauti yoyote. Eti mafaili ya D: yako salama. Salama dhidi ya kufomatiwa kwa C:, ndiyo, lakini C: na D: ni chuma kimoja, na kikifa, zimekufa zote mbili. Laptopu ikisahauliwa ndani ya matatu ya Likoni, D: nayo imepanda matatu. Diski ya nje ya bekapu bado inahitajika vilevile.

Sasa, nani agawe? Mwenye diski ya GB 128 asithubutu. Windows humwonyesha kama GB 119 tu, kwa kuwa mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows kwa 1024. Windows 11 yenyewe inataka kuanzia GB 64, na apdeti zake kubwa huhitaji nafasi ya kufanyia kazi. Ukiikata diski hiyo vipande viwili, baada ya miezi michache C: itakuwa nyekundu huku D: ikiwa na nafasi tupu isiyoweza kuisaidia. Mwenye SSD na diski ya kawaida ndani ya laptopu moja pia hana haja, kwani tayari amegawanyiwa. Aweke mafaili kwenye ile ya pili, basi. Mwenye GB 512 kwenda juu agawe bila kujiuliza. Wa katikati, mwenye GB 256, ndiye wa kupigia hesabu, na mtumba mwingi unaouzwa mjini ni wa ukubwa huo.

Chukua karani wa wakala wa forodha pale karibu na Bandari ya Kilindini. Laptopu yake ina SSD ya GB 256. Windows inaonyesha C: ya GB 237, na imetumika GB 82. Kati ya hizo, GB 37 ni hati za mizigo zilizoskaniwa, ankara na barua za wateja. GB 45 zilizobaki ni Windows na programu. Hati zenyewe si nzito, lakini zikipotea kuna mtu atasimama getini na kontena lisilotoka.

C: tumpe kiasi gani? Kanuni yetu ni hii: chukua kile kitakachobaki C: baada ya mafaili kuhama, zidisha kwa mbili, kisha ongeza GB 40. Hapa ni 45 mara mbili, 90, na 40 juu yake: GB 130. D: inapata GB 107. Kuna watu huona GB 130 ni nyingi mno kwa mfumo peke yake. Wanasahau kwamba barua pepe, WhatsApp ya kompyuta na vivinjari huweka vitu vyao kwenye folda ya AppData, na hiyo hubaki C: hata ukihamisha hati zote. Halafu kosa la kuinyima C: ni gumu kulirekebisha. Disk Management inaweza kuongeza C: kwa nafasi iliyo wazi mara tu baada yake, upande wa kulia. Hapo ndipo D: ilipokaa. Ukiipunguza D:, nafasi inafunguka kwenye mkia wake, si kati yake na C:. Maana yake utalazimika kuitoa D: yote kwanza.

Kabla ya kukata chochote, nakili hati zote kwenye diski ya nje na uchomeke chaja. Betri nyingi za mtumba hushika dakika chache tu, na stima ikipotea wakati Windows inasogeza mafaili, unaweza kuharibu C: nzima. Kisha fungua Command Prompt kama Administrator ukague kama C: ina kasoro:

```
chkdsk C: /scan
```

Ikiripoti matatizo, yamalize kwanza. Mara nyingi ukataji unaokwama katikati chanzo chake ni hicho.

Sasa bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye Start, ingia Disk Management. Chini utaona diski imechorwa kama ubao: kipande kidogo cha EFI mwanzoni, C: katikati, na kwa kawaida kipande cha Recovery mwishoni. Vile vidogo usiviguse. Bonyeza kulia juu ya C:, chagua Shrink Volume. Hapa wengi hukosea: kisanduku kinauliza kiasi cha kuondoa, wao wanaandika ukubwa wa C: wanaoutaka. Tena ni kwa MB. Karani wetu anataka kuondoa GB 107, kwa hiyo anazidisha 107 kwa 1024 na kuandika 109568.

Au angetaka kuandika hivyo. Dirisha linamwambia nafasi inayoweza kuondolewa ni MB 58000 na kitu, wakati C: ina GB 155 tupu. Diski haijaharibika. Windows hukata kuanzia mwisho wa C: ikirudi nyuma, na husimama pale inapokutana na faili isilokubali kulisogeza. Mara nyingi ni hiberfil.sys, linalohifadhi hali ya laptopu inapolala usingizi mzito, pagefile.sys, linaloisaidia RAM. Au kumbukumbu za System Restore. Faili moja tu likikaa katikati ya diski, nafasi yote iliyo kabla yake haiwezi kukatwa. Ukitaka kujua mkaidi ni nani, fungua Event Viewer, sehemu ya Application, utafute tukio namba 259: jina la faili limeandikwa humo.

Dawa ni kuyaondoa kwa muda. La kwanza ni amri moja:

```
powercfg /h off
```

Kisha endesha `sysdm.cpl`. Chini ya System Protection zima ulinzi wa C: na ufute kumbukumbu zake, chini ya Advanced, kwenye Performance, fuata mpaka Virtual memory, ondoa tiki ya Automatically manage, uchague No paging file na ubonyeze Set. Washa upya, kisha urudi Disk Management haraka. Sasa namba itakuwa imepanda. Ukishakata, rudisha vyote vitatu, hasa pagefile, maana laptopu ya RAM ya GB 8 bila hiyo itaanza kufunga programu zenyewe ukiwa katikati ya kazi. Kama namba bado haitoshi, kubali kilichopatikana. Kwa hati za GB 37, hata D: ya GB 56 inatosha kwa muda mrefu.

Nafasi iliyokatwa huonekana kama Unallocated. Bonyeza kulia, New Simple Volume, NTFS, herufi D kama haijashikwa na flashi. Kwenye Volume label usiache "New Volume"; andika MAFAILI, sababu utaiona mbele. Laptopu ya zamani yenye mtindo wa MBR ikiwa tayari na vipande vinne, Windows itakuomba igeuze diski kuwa dynamic. Kataa. Kuirudisha kama ilivyokuwa ni kazi kubwa kuliko faida yote tuliyoizungumza.

Kilichobaki ni kuhamisha folda, na kuna mtego mmoja. Fungua D: kwanza, utengeneze humo folda iitwayo Documents. Kisha bonyeza kulia Documents ya zamani, Properties, Location, Move, uchague D:\Documents na ukubali mafaili yahamishwe. Anayeelekeza kwenye D:\ yenyewe, bila folda, huifanya D: nzima kuwa ndiyo Documents, akielekeza na Pictures hapohapo, folda mbili zinakuwa kitu kimoja na kuzitenganisha ni kizungumkuti. Kama OneDrive inashika Documents, zima bekapu yake ya folda hiyo kabla ya kuhamisha.

Siku ya kuweka Windows upya sasa ikifika, na imewafikia wengi tangu Windows 10 iachwe kupewa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, skrini ya kuweka mfumo haionyeshi C: wala D:. Inaonyesha Partition 1, 2, 3, 4 na ukubwa wake. Hapo ndipo jina MAFAILI linapookoa: fundi mgeni analiona na hagusi. Mwambie kwa maneno wazi afomati kile kipande cha GB 130 peke yake, asifute vyote. Ukitumia Reset this PC na ukachagua kuondoa kila kitu, angalia swali la Delete files from all drives, lisiwe Yes.

Windows mpya ikiwaka, D: huenda ikadai huna ruhusa kwenye baadhi ya folda, bonyeza Continue na usubiri. Elekeza tena Documents kwenye D:\Documents, kwa sababu Windows mpya haijui ulikuwa umeihamisha.

Ila kuna ruhusa ambayo Continue haiifungui. Laptopu nyingi za Windows 11 zimewashwa usimbaji wa diski, yaani kufungwa kwa ufunguo wa siri, bila mwenyewe kujua, na D: huweza kusimbwa pia. C: ya zamani ndiyo iliyokuwa ikiifungua kimyakimya. Ikishafomatiwa, D: itadai ufunguo wa tarakimu 48. Kagua leo kwa Command Prompt ya Administrator, mfumo ukiwa bado mzima:

```
manage-bde -status
manage-bde -protectors -get D:
```

Kama amri ya kwanza inaonyesha D: imesimbwa, ya pili itaonyesha tarakimu zenyewe. Ziandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo isikae kwenye mfuko wa laptopu.