Mtoto wa kidato cha tatu na mikeka: nilivyolishughulikia kwa mpwa wangu

Swali: "Wakuu, mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Nimekuta meseji za kampuni ya kubeti kwenye simu ninayomwachia. Baba yake anataka kumchapa, mimi naogopa atazidi kujificha. Nitajuaje kama ni mchezo tu au ameshazama, na nianzie wapi kuongea naye bila kumhubiria?"

Pole dada. Mimi ni wakala wa pesa kwa simu, na mpwa wangu ninayeishi naye alipitia jambo hili akiwa na umri kama wa mwanao. Kwa hiyo nimeliona dirishani kwangu na nimeliona sebuleni.

Meseji peke yake isikutishe sana. Vijana wengi wa rika lake wameshaweka mkeka, yaani tiketi ya kubashiri mechi kadhaa kwa pamoja, wa 500 angalau mara moja, kwa sababu kibanda umiza kizima kinabeti na wao wako humohumo. Kinachotofautisha ni mambo mengine, na la kwanza ni mpira wenyewe. Mpwa wangu ni Yanga wa damu. Zamani angekueleza nani kapiga krosi na beki gani alilala. Ikafika wakati anafuatilia mechi ya Jumanne mchana ya ligi ya Finland au ya Belarusi, hajui jina la mchezaji hata mmoja, anachotaka ni mabao matatu yapatikane au timu zote mbili zifungane. Mtoto anayeujua mpira kwa odi, yaani namba ambayo dau huzidishwa nayo ukishinda, badala ya majina ameshavuka hatua. Anabeti kila siku, na siku ambazo ligi kubwa hazichezi anatafuta chochote kinachochezwa.

La pili ni pesa ndogo ndogo. Usitegemee kuona laki imepotea. Utaona nauli ya wiki imeisha Jumanne, na mtoto anaanza kutembea kwa miguu huku akisema anapenda mazoezi. Kikokotoo "kimeibiwa shuleni". Anaomba michango ya shule kwa vipande, leo 2,000, kesho 1,500. Kwenye simu, meseji za miamala zimefutwa zote ila za vocha. Kama laini ina huduma ya kukopeshwa na mtandao, kama Songesha, utakuta kila pesa inayoingia inakatwa deni papo hapo.

La tatu ni aina ya mchezo. Mkeka wa Jumamosi una subira ndani yake, mtu anaweka asubuhi na kujua usiku. Aviator, ile ya kandege kinachopaa huku namba ikipanda, raundi moja inaisha kwa sekunde chache na nyingine inaanza hapo hapo. Dubwi la mtaani linalokula sarafu za 200 nalo ni hivyo hivyo. Mtoto akihama kutoka mikeka kwenda huko, kasi ya kupoteza inabadilika kabisa, na hapo usingoje mwezi uishe.

Sasa kuhusu kuongea. Kabla ya neno lolote, jua laini ni ya nani. Mtu wa miaka 16 haruhusiwi kubeti Tanzania, sheria inataka 18, na laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA ambayo mtu wa umri wake kwa kawaida bado hana. Maana yake nyuma ya kila mtoto anayebeti yuko mtu mzima mwenye laini: kaka, bodaboda wa kijiweni, au mzazi mwenyewe bila kujua. Kama simu unayomwachia ina laini yako, taarifa ya miamala ni haki yako. Nenda duka la mtandao na kitambulisho, uombe ya miezi mitatu. Kwa mpwa wangu, laini ilikuwa ya kijana wa bodaboda aliyekuwa akichukua sehemu ya ushindi. Nilimfuata yule kijana peke yake, nikamwambia kwa utulivu kwamba mtoto ana miaka 16 na akaunti iko kwa jina lake yeye bodaboda, kwa hiyo matatizo yakija yataanzia kwake. Laini ilirudi siku hiyo hiyo.

Na mtoto sikumwita kikao. Tulikuwa tunatembea kwenda kuchota maji, jioni ambayo hakukuwa na mechi. Usianze mazungumzo haya mkeka ukiwa hai, maana masikio yote yako kwenye matokeo, wala mara tu baada ya kuchanika. Nilimuuliza: "Mjomba, mikeka yako huwa unaweka timu ngapi?" Akashtuka, akanyamaza, halafu akasema kumi, wakati mwingine kumi na mbili. Nikamwomba anieleze anavyochagua. Alizungumza njia nzima. Kwamba ni dhambi alishasikia madrasa, shuleni na kwa mama yake. Ningerudia, angenijibu "sawa mjomba" na mazungumzo yangefia hapo.

Katika maelezo yake kuna sentensi aliirudia sana: "Nilichanwa na timu moja." Hapo ndipo penye kamba, dada. Vijana wengi hawashikiliwi na tamaa ya utajiri kama tunavyodhani. Wanashikiliwa na kule kukosa kidogo, kwa sababu kunamwambia kwamba anajua, amebakiza kurekebisha tu.

Tukachukua kikokotoo. Nilimpa mechi moja yenye odi 2.10, 3.30 na 3.40 kwa ushindi wa nyumbani, sare na ugenini. Gawanya 100 kwa kila odi: unapata kama 48, 30 na 29. Jumla 107. Uwezekano wote duniani hauzidi 100, hizo 7 ni fungu la kampuni, limefichwa ndani ya odi zenyewe. Halafu tukaja kwenye mkeka wake wa timu kumi "za uhakika", kila moja odi 1.40. Zikizidishwa zinafika karibu 29, yaani 1,000 inaahidi kama 29,000. Ukiondoa lile fungu, kila timu ina nafasi ya kushinda kama mara 66 katika 100. Zidisha 0.66 yenyewe kwa yenyewe mara kumi, inabaki karibu mkeka mmoja katika 60. Analipwa 29 kwa kitu kinachotokea mara moja katika 60. Kila timu anayoongeza inampa kampuni fungu jingine, ndiyo maana bonasi kubwa hutolewa kwa mikeka mirefu.

Kilichomgusa hasa ni hesabu iliyofuata. Mkeka huo huo kuchanika kwa timu moja tu hutokea karibu mara moja katika 12. Kwa hiyo katika mikeka 60, mmoja unatiki na mitano inakosa kwa timu moja. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo kukosa kwa moja ni kawaida yake." Nikamjibu ndiyo, hata anayechagua kwa kufumba macho huenda hivyo hivyo.

Baadaye tukaweka miamala kwenye karatasi, zilizoingia kwenye kampuni upande mmoja, zilizorudi upande mwingine. Mwezi mmoja ziliingia 61,000, zikarudi 38,500, na ndani ya hizo kulikuwa na ushindi mmoja wa 27,000. Yeye alikuwa anaikumbuka ile 27,000 tu na aliamini yuko mbele. Acha aandike mwenyewe kwa mkono wake. Ukimwandikia wewe inakuwa hati ya mashtaka.

Kuna maswali mawili ambayo washauri wa afya ya akili wanayatumia tangu 1997: umewahi kulazimika kudanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza, na umewahi kujisikia unahitaji kuweka pesa nyingi zaidi na zaidi? Usimsomee kama mtihani. Yatafutie nafasi ndani ya mazungumzo. "Ndiyo" hata moja inatosha kukuambia uchukue hatua sasa. Mpwa wangu alijibu ndiyo kwa zote mbili.

Hatua zenyewe hazikuwa za kishujaa. Nilipiga simu huduma kwa wateja ya kampuni, nikaeleza kwamba anayetumia akaunti hajafika 18, nikaomba ifungwe kabisa, na mwenye laini akathibitisha. Nauli nikampa kila asubuhi badala ya Jumatatu kwa wiki nzima, nikamwambia sababu waziwazi ili asione ni adhabu. Madeni aliyataja mwenyewe: muuza chipsi, wanafunzi wawili, na "admini" mmoja wa kundi la mtandaoni aliyemuuzia mechi za uhakika. Huyo wa mwisho hatukumlipa. Ujanja wao ni kuwatumia watu tofauti matokeo tofauti, kisha waliopatia wanatozwa tena. Waliobaki tulilipa, nusu yangu na nusu yake kwa kunisaidia kibandani siku za likizo, na pesa nilimpelekea mdai mkononi. Usilipe lote kimyakimya. Deni likifutika bila yeye kugusa, nafasi ya kubeti inarudi ikiwa safi. Wala usimwache nalo peke yake, maana mwenye deni huona njia ya kulipa ni mkeka mmoja mkubwa.

Jumamosi ndiyo ngumu. Tulianza kutazama mechi nyumbani, na pale kwenye kibanda umiza akaenda na mimi tu. Alirudia mara moja, kwa simu ya rafiki, na aliniambia mwenyewe. Nilimuuliza ilikuwa saa ngapi, alikuwa na nani, na pesa ilitoka wapi. Ikaonekana ilikuwa siku ya matokeo mabaya ya mtihani. Tangu hapo siku kama hizo nilikuwa namtafuta mapema.

Kuhusu baba yake, mwambie hivi: fimbo itampa mtoto sababu ya kutumia laini nyingine, na ninyi mtapoteza kitu pekee mlichonacho sasa, yaani kujua. Mpe kazi mahususi, awe yeye wa kumfuata mwenye laini au wa kukaa na kijana kwenye mechi.

Mambo mawili yakitokea, toka nje ya familia. Kama anaiba, halali, au hawezi kupita siku bila kucheza ingawa anataka kuacha, mpeleke kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa, au Muhimbili kama mko Dar. Uraibu wa kamari unatambulika kitabibu kama uraibu mwingine. Na akitamka kwamba amechoka kuishi, au anatishiwa na wadai, usimwache peke yake usiku huo. Namba 116 ya simu kwa mtoto ni bure, na wewe mzazi pia unaweza kuipiga.