Omo ielekezwe wapi ili boti ifike mkabala?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mto una upana wa mita 200 na maji yanakwenda 3 m/s. Boti ina mwendokasi wa 5 m/s kwenye maji yaliyotulia, na inatakiwa kufika sehemu iliyo mkabala kabisa na ilipoanzia. Nimetumia Pitagorasi nikapata 5.83 m/s, ila kitabu kinasema 4 m/s na sekunde 50. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Pitagorasi umeitumia sawasawa, ila umejibu swali jingine. Hiyo 5.83 m/s ni ya boti iliyoelekeza omo, yaani ncha yake ya mbele, ng'ambo moja kwa moja na kuyaachia maji yaichukue. Boti hiyo inavuka kwa sekunde 40, lakini ndani ya sekunde hizo mkondo unaisukuma mita 120, kwa hiyo inatia nanga mbali na pale ilipotakiwa.

Katika maswali haya kuna miendo mitatu, na wanafunzi wengi huichanganya. Kuna mwendo wa boti ukipimwa kwa maji, kuna mwendo wa maji ukipimwa kwa ardhi, na kuna mwendo wa boti ukipimwa kwa ardhi, yaani ule anaouona mtu aliyesimama ukingoni. Huo wa tatu ni jumla ya vekta mbili za kwanza. Ile 5 m/s ni kazi ya injini ndani ya maji. Injini haijui kama maji yenyewe yanasafiri.

Sasa jiulize ni vekta ipi ambayo swali limeifunga mwelekeo. Ni ya tatu: mtu wa ukingoni lazima aone boti ikikata mto kwa pembe mraba. Anza kuchora hiyo, halafu chora mkondo wa 3 m/s. Ili mkondo usiipeleke boti chini, omo igeuzwe upande yanakotoka maji, kiasi kwamba sehemu ya ile 5 m/s iufute mkondo wote. Katika pembetatu utakayopata, 5 ndiyo upande mrefu unaotazamana na pembe mraba. Wewe uliifanya kuwa upande mfupi, na kosa lote liko hapo.

```
sin θ = 3/5, kwa hiyo θ ≈ 37°
mwendo wa kuvuka = √(5² − 3²) = 4 m/s
muda = 200/4 = 50 s
```

Pembe hiyo ya 37° inapimwa kutoka kwenye mstari unaokata mto. Ukiipima kutoka ukingoni ni 53°, kwa hiyo sema wazi umepimia wapi. Na usitumie tanjenti. Anayeandika tan θ = 3/5 anapata kama 31°, pembe inayoonekana ya kuaminika kabisa. Jaribu kuihakiki: 5 sin 31° ni karibu 2.57 m/s, haitoshi kufuta 3 m/s, na boti itafika kama mita 20 chini ya lengo. Ukaguzi huo mfupi ufanye kila mara.

Utaona pia kwamba kufika mkabala kumegharimu sekunde 10 zaidi. Swali likikuuliza muda mfupi kabisa wa kuvuka, elekeza omo ng'ambo moja kwa moja na ukubali kusukumwa.

Je, mkondo ukiwa 6 m/s, kama mto uliofura wakati wa masika? Hapo sin θ ingekuwa 6/5, na kikokotoo kitakugomea. Hakijaharibika: boti hiyo haiwezi kufika mkabala kwa pembe yoyote. Kinachowezekana ni kupunguza kusukumwa, na pembe bora ni ile yenye sin θ = 5/6, kama 56°. Hata hivyo boti itafika karibu mita 133 chini.

Kwenye mto halisi kuna jambo ambalo kitabu hulinyamazia: maji ya katikati kwa kawaida yana kasi kuliko ya kandokando. Ukishikilia pembe moja iliyokokotolewa kwa wastani wa mkondo, utafika mkabala, ila njia itapinda: utapanda kidogo karibu na ukingo, utashushwa katikati, kisha utapanda tena. Anayetaka mstari ulionyooka achague alama mbili ng'ambo, mfano mti ulio ukingoni na paa la nyumba nyuma yake, azione zimepangana tangu anapoondoka. Mti ukionekana kusogea upande yanakotoka maji kuliko paa, ameshaanza kushushwa. Aigeuze omo zaidi upande huohuo hadi zipangane tena.