Waranti ya betri za sola: kutoka miezi 12 hadi 24 kwa oda ya mwaka mzima

*"Wakuu, nafunga sola Kanda ya Ziwa. Betri za jeli za 200Ah nachukua kwa muagizaji mmoja wa Dar, waranti miezi 12. Shule na zahanati ninazozifungia zinadai miezi 24. Nikimuahidi kuchukua nyingi kwa mwaka ataniongezea? Naanzaje kumwambia?"*

Mkuu, ataongeza, ila neno "nyingi" liache nyumbani. Kila anayeingia dukani kwake anasema atachukua nyingi, akishapewa bei ya jumla haonekani tena. Mimi niko kwenye kazi hiyohiyo, na kilichomlegeza muagizaji wangu ni hesabu mbili nilizomwekea mezani: betri ngapi zinakufa katika mwaka wa pili, na ngapi nachukua hata biashara ikiwa mbaya.

Hesabu ya kwanza inatoka kwenye daftari lako la kazi. Katika betri 180 za kwake nilizozifuatilia kwa serial namba, 5 zilirudi mwaka wa kwanza na 4 mwaka wa pili. Kati ya hizo 4, mbili ziliuawa na watumiaji: mmoja aliunganisha friji moja kwa moja kwenye betri akairuka kontrola, mwingine fundi wa mtaani alimwekea kontrola kwenye chaji ya betri za maji. Hizo hazimhusu muagizaji, na mimi mwenyewe ndiye niliyezitoa kwenye hesabu kabla hajaniuliza. Zikabaki 2 kwa 180, maana yake kama 3 kwa oda yangu ya mwaka ya 240. Bei yangu ni shilingi 520,000 kwa betri, kwa hiyo mwaka wa pili wa waranti ungemgharimu kama 1,560,000, ndani ya mauzo ya 124,800,000.

Sasa linganisha. Ningeomba punguzo la asilimia 3, angepoteza 3,744,000 na tena papo hapo. Waranti inamgharimu chini ya nusu yake, na anailipa baadaye, kama italipika. Kwangu mimi ina thamani kuliko punguzo, kwa sababu bila miezi 24 zabuni ya shule siipati kabisa. Ndiyo maana nilimwambia wazi kwamba bei sigusi. Ukiomba bei na waranti kwa pamoja atakupa kipande cha bei, waranti aisahau.

Hesabu ya pili ni ahadi yako, na hapa ndipo watu wanajifunga kamba shingoni. Usiahidi kile unachotarajia. Mimi natarajia 240, nikaahidi 180, yaani 45 kila robo mwaka, nalipia kila mzigo unapotoka. Hakuna faini ya pesa. Nisipofikisha, betri nitakazonunua baada ya hapo zinarudi miezi 12, lakini zilizokwisha kutoka zinabaki na waranti yake. Hilo la mwisho lisiachwe kwenye mazungumzo ya mdomo. Bila hilo, ukikosa betri 10 mwezi Desemba, waranti ya zile ulizokwisha kuifungia shule mwezi Machi inakatika, na mkataba wako na shule uko palepale.

Ujumbe wangu kwa meneja mauzo wake ulikuwa hivi, unaweza kuurekebisha:

"Habari za kazi kaka. Kwa miezi 12 ijayo natarajia kuchukua betri 240 za 200Ah, na najifunga kuchukua zisizopungua 180, 45 kila robo mwaka, kwa bei ya sasa. Naomba waranti iwe miezi 24 kuanzia tarehe ya hati ya kupokelea mzigo. Nimeambatanisha orodha ya betri zilizorudi, serial namba na sababu ya kila moja. Nisipofikisha 45 katika robo, waranti ya oda zinazofuata irudi miezi 12. Za nyuma zisiguswe. Naomba jibu kabla hujathibitisha kontena lijalo kiwandani."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Waagizaji wengi hulipa kiwanda sehemu kwanza, mara nyingi asilimia 30, na salio kabla mzigo haujaachiwa. Kabla ya salio kulipwa ndipo anaweza kukikaba kiwanda kimuongezee betri kadhaa za akiba bila malipo. Kontena likishatia nanga bandarini, kila siku ya ziada unayoomba inatoka mfukoni kwake.

Tegemea majibu mawili. La kwanza: "Kiwanda kinatupa miezi 12 tu." Mara nyingi ni kweli, usibishane naye. Mwambie basi akuwekee akiba, betri 2 kwa kila 100 zikae stoo kwako, mali yake, ukibadilisha moja unamtumia picha ya serial namba na vipimo. Kwetu sisi wa mbali hii ni bora hata kuliko karatasi, maana betri ya 200Ah ina kilo kama 60, na kuirudisha Dar kwa ajili ya ukaguzi kunakula faida. Mbovu inasubiri lori lake litakaloleta mzigo mwingine.

Jibu la pili ni hatari zaidi kwa sababu linafanana na ndiyo: "Sawa, miezi 24," halafu kwenye maandishi mwaka wa pili unalipwa kwa uwiano wa muda uliobaki. Betri ikifa mwezi wa 18, imebaki miezi 6 kati ya 24, anakupa robo ya bei, 130,000. Shule inataka betri nzima, wewe unaongeza 390,000. Wangu alikuja na hilo. Tulikubaliana miezi 18 ya kubadilishiwa betri nzima, na 6 ya mwisho kwa uwiano. Ile hatari iliyobaki ya miezi 6 niliiweka kwenye bei ya shule, ni pesa kidogo ukiigawa kwa betri zote.

Tarehe ya kuanzia iangalie sana. Ikianza siku ya ankara na mzigo ukakaa stoo kwake miezi 2, umeshapoteza miezi 2, na betri nayo imechoka. Betri ya risasi hujimaliza chaji ikiwa imekaa tu, kwenye joto la Dar haraka zaidi, na chaji ikikaa chini kwa muda sahani zake hushika chumvi ngumu isiyotoka yote hata ukichaji. Iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.8 hadi 13. Mimi nikipima mpya nikakuta chini ya 12.5, siipokei mpaka aichaji na kuipima tena. Kipimo hicho naandika kwenye hati ya kupokelea, naye anasaini.

Upande wako, jiandae kuthibitisha kwamba hukuiua wewe. Piga picha ya kontrola siku ya kukabidhi ikionyesha imewekwa jeli, chaji volti 14.1 hadi 14.4 na ya kushikilia 13.5 hadi 13.8, au kama kitabu cha betri kinavyosema. Bila picha hiyo, fundi wake atasema imechajiwa kupita kiasi, na hutakuwa na la kumjibu.

Kama unachukua chini ya 10 kwa mwezi, sidhani atakubali, tafuta wenzako wawili mnunue kwa jina moja. Na kabla hujatuma chochote, tupia hapa maneno ya waranti yaliyo nyuma ya ankara yako, tuone saa inaanza kuhesabu wapi.